Umeifunika komenti yako, lakini nakala ilishachukuliwa

Mwaka 2021 rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye shahada ya kwanza, alinipigia simu saa nne usiku. Wiki iliyofuata alikuwa na usaili wa kazi, na alikuwa ameanza kufagia nyayo zake mtandaoni. Kwa miaka kadhaa alikuwa na akaunti Reddit, ule mtandao wa majadiliano wa Marekani ambako watu wengi huandika kwa majina ya kubuni. Shida ni kwamba jina lake la kubuni lilikuwa lilelile alilotumia kwenye barua pepe. Na alichoandika huko mwaka 2017, alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, hakikuwa mzaha. Aliandika ugonjwa wa mama yake kwa undani, madeni ya nyumbani, na jinsi msimamizi wake kazini alivyokuwa akimsumbua.

Alikuwa amefuata ushauri wote unaotolewa kwa watu kama yeye. Hakubonyeza tu kitufe cha kufuta. Alitumia programu ndogo inayopita kwenye komenti zako moja baada ya nyingine, inaandika maneno ya ovyo juu ya kila moja, inahifadhi, kisha ndipo inafuta. Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Ilipoisha, ukurasa wake ulikuwa mweupe. Halafu, kwa kutaka tu uhakika, akaingia kwenye tovuti moja ya kutafuta komenti za zamani na kuandika jina lake. Zote zikatokea. Si yale maneno ya ovyo, bali maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na tarehe.

"Sasa mbona nimeandika juu yake?" akaniuliza.

Swali zuri, na jibu lake si kwamba programu ilikuwa mbovu. Programu ilifanya kazi yake sawasawa. Ila ilifanya kazi hiyo mahali pamoja tu.

Hebu tuanze na ushauri wenyewe, maana haukutoka hewani. Ukibonyeza "futa" kwenye mitandao mingi, maandishi yako hayang'olewi kwenye hifadhidata papo hapo. Kinachobadilika ni alama. Reddit ni mfano mzuri kwa sababu hadi mwaka 2017 programu yake iliwekwa wazi na mtu yeyote aliweza kuisoma. Kila komenti ilihifadhiwa kama kitu chenye sifa zake: mwandishi, muda, maandishi, na alama ya kuonyesha kama imefutwa au la. Kufuta kulibadilisha ile alama. Ukurasa ukiulizwa, ulitazama alama hiyo na kuonyesha `[deleted]`, huku maandishi yakibaki palepale nyuma ya pazia. Kuhariri komenti, kwa upande mwingine, kuligusa sifa ya maandishi yenyewe. Ukirahisisha sana, tofauti ni hii:

```
futa:    deleted = true
hariri:  body = "mnazi kiti mvua saba"
```

Ukiona hivyo unaelewa mantiki ya wale wanaoshauri. Kama kufuta kunaficha tu na kuhariri kunabadilisha maandishi, basi hariri kwanza, halafu futa. Hata wazo lenyewe lina ukoo wake mzee. Watu wa diski za kompyuta walilijua zamani: faili likifutwa, data hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwaka 1996 Peter Gutmann alichapisha makala maarufu iliyoeleza namna ya kuandika juu ya data mara 35 ili isisomeke tena. Ndiyo maana hadi leo utakutana na mtu anayekuambia uhariri komenti mara tatu, mara saba, "ili ipotee kabisa".

Lakini diski ya Gutmann ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwa mwenye data. Komenti ya rafiki yangu haikuwa mahali pamoja tangu usiku ule alioiandika.

Hapa tuingie kwenye huduma iliyomkamata, kwa sababu ukielewa jinsi ilivyokusanya utaona kwa nini kuhariri hakukuwa na njia ya kuifikia. Inaitwa Pushshift. Jason Baumgartner alianza kukusanya data za Reddit mwaka 2015, na mwaka huohuo akatoa hadharani mkusanyiko wa komenti zipatazo bilioni 1.7. Maelezo ya kitaalamu ya mkusanyiko huo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanataja komenti bilioni 5.6 za kuanzia Juni 2005 hadi Aprili 2019. Watafiti wa lugha, wa siasa na wa afya ya jamii wameutumia sana. Huenda hata wewe umesoma utafiti uliotokana nao bila kujua.

Pushshift haikuwa ikitembea ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayevinjari. Kila komenti ya Reddit ina namba ya utambulisho inayoandikwa kwa tarakimu na herufi, mfumo wenye alama 36: 0 hadi 9, kisha a hadi z. Namba hizo zinatolewa kwa kufuatana. Baada ya `abc1238` inakuja `abc1239`, na baada yake `abc123a`. Kwa hiyo mkusanyaji hahitaji kujua wewe ni nani, wala uliandika kwenye kikundi gani. Anahesabu tu, kisha anagonga ule mlango ambao Reddit imeuweka kwa ajili ya programu, yaani API, na kuomba komenti mia moja kwa mkupuo mmoja: nipe hii, na hii, na hii. Anapewa, anahifadhi, anaendelea na mia nyingine. Ni kama karani anayepita nyumba kwa nyumba kwa kufuata namba za milango. Hata nyumba iliyojificha uchochoroni ataifikia, maana namba yake ipo kwenye orodha.

Watu wengi hudhani komenti yao haikuhifadhiwa kwa sababu haikusomwa na mtu, haikupata kura, na ilikuwa kwenye kikundi kidogo chenye watu hamsini. Kwa mkusanyaji anayehesabu namba, komenti iliyosomwa na watu milioni na ile isiyosomwa na yeyote zina uzito uleule.

Kinachohifadhiwa ni rekodi fupi. Nimetunga mfano unaofanana na hali ya rafiki yangu. Jina, namba na maneno si halisi, ila sifa zenyewe ndizo utakazozikuta kwenye mafaili hayo:

```json
{"id": "abc1234",
 "author": "jina_la_zamani",
 "body": "Mama amelazwa tena, na bosi amegoma...",
 "created_utc": 1489515600,
 "retrieved_on": 1491301800,
 "edited": false}
```

Zile namba ndefu mbili ni muda, unaohesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ya kwanza inasema komenti iliandikwa lini: 14 Machi 2017, saa tatu na dakika ishirini usiku kwa saa zetu. Ya pili inasema mkusanyaji aliichukua lini: 4 Aprili, saa saba na nusu mchana. Toa moja kwenye nyingine, unapata sekunde 1,786,200, ambazo ni siku 20 na saa 16 hivi.

Siku hizo 20 ndizo kila kitu. Kama mwandishi angehariri komenti yake tarehe 20 Machi, mkusanyaji angefika tarehe 4 Aprili na kuchukua "mnazi kiti mvua saba". Kama angeifuta tarehe hiyo, mkusanyaji angekuta `[deleted]` na kuandika hivyohivyo. Ndani ya dirisha hilo, kuandika juu kunafanya kazi. Baada ya dirisha kufungwa, `retrieved_on` imeshapigwa muhuri na rekodi imeshaondoka.

Na dirisha halikuwa na urefu mmoja. Kwenye mafaili ya mwezi ya miaka ya mwanzo, pengo kati ya kuandikwa na kuchukuliwa linaweza kuwa wiki kadhaa, kama kwenye mfano wetu. Lakini kwa ajili ya utafutaji wake wa papo kwa papo, Pushshift ilikuja kuchukua komenti muda mfupi sana baada ya kuandikwa. Mtu anayeandika jambo kwa hasira usiku na kulifuta asubuhi alikuwa amechelewa tayari. Rafiki yangu alikuwa amechelewa kwa miaka minne.

Sasa jiulize: alipohariri mwaka 2021, nini kilitokea hasa? Kivinjari chake kilituma ombi kwa seva za Reddit: badilisha maandishi ya komenti namba fulani. Seva za Reddit zikabadilisha kwenye hifadhidata ya Reddit. Mwisho wa safari. Hakuna waya unaotoka hapo kwenda kwenye faili lililopakuliwa mwaka 2017. Nakala haijui kwamba kuna asili inayobadilika. Ni kama umepiga picha ukurasa wa daftari la mtu, halafu yeye akarudi nyumbani kuchana ule ukurasa. Picha iko kwenye simu yako, na karatasi kuchanika hakuibadilishi chochote.

Mtu atasema, basi tuwaombe wenye nakala waondoe. Inawezekana, kwa sehemu. Pushshift walikuwa wanapokea maombi ya watu kuondolewa kwenye utafutaji wao, na huko ndiko nilikomwelekeza rafiki yangu usiku ule. Lakini utafutaji ni mlango mmoja tu wa nyumba. Mlango wa pili ndio unaonifanya niandike makala hii, kwa sababu hauna kitasa.

Mafaili yale ya mwezi, `RC_2017-03.zst` na ndugu zake, husambazwa pia kwa torenti, hasa kupitia Academic Torrents, tovuti ya kusambazia data za utafiti. Pengine torenti unaijua kwa filamu. Faili kubwa hugawanywa vipande, kila kimoja cha ukubwa uleule, na kila kipande hupigiwa hesabu inayotoa alama yake ya kipekee, kama alama ya kidole. Orodha ya alama hizo zote hupigiwa hesabu tena, ikatoka alama moja ya torenti nzima. Unapopakua, kompyuta yako hupokea vipande kutoka kwa watu mbalimbali usiowajua na kukagua kila kimoja: alama ya kidole inalingana? Ikilingana, kinapokelewa. Isipolingana hata kwa baiti moja, kinatupwa na kuombwa upya kwa mtu mwingine.

Sasa chukulia mtu mwema kati ya hao wenye nakala anataka kumwondoa rafiki yangu. Anafungua faili la Machi 2017, anafuta ule mstari mmoja kati ya mamilioni, anabana faili upya. Data iliyobanwa imebadilika kuanzia mahali pale kwenda mbele. Vipande vyake havilingani tena na orodha ya alama. Akijaribu kuvisambaza kwenye torenti ileile, kompyuta za wengine zitavitupa kama vipande vilivyoharibika. Mfumo uliotengenezwa ili data isiharibike njiani hauwezi kutofautisha uharibifu na huruma. Njia iliyobaki ni kutengeneza torenti mpya iliyosafishwa, yenye alama yake mpya, na kuwasihi watu wahamie huko. Wale waliokwisha kupakua ile ya zamani na kuiacha kwenye kompyuta ya maabara huenda wasipate hata habari. Na alimradi mmoja wao bado anaisambaza, ile ya zamani ipo.

Narudia kusema hakuna ubaya wowote uliokusudiwa hapa. Wanafunzi wenzangu wanaotumia data hizi wanahitaji hasa sifa hiyo: kwamba faili nililolitumia mimi na faili utakalolipakua wewe mwaka kesho ni lilelile, ili uweze kukagua hesabu zangu. Uthabiti unaomfurahisha mtafiti ndio unaomkosesha usingizi mwandishi wa komenti.

Kuna aina ya pili ya hifadhi, ambayo wengi wanaijua zaidi: Wayback Machine ya Internet Archive. Yenyewe inapiga picha za kurasa kwa anwani na muda. Ukurasa uleule unaweza kuwa na picha ya 2017, nyingine ya 2019, nyingine ya 2021, kila moja ikiwa na tarehe yake. Hapa kuandika juu kuna matokeo ya kuchekesha kidogo. Ukihariri komenti leo na Wayback Machine ikapita kesho, picha mpya itakuwa na maneno ya ovyo, lakini haichukui nafasi ya ile ya zamani. Inakaa kando yake. Sasa mtu ana picha mbili za kulinganisha, na tofauti kati yake ni ile komenti moja uliyotaka isionekane. Afadhali kidogo ni kwamba hifadhi hii hupita kwa anwani za kurasa, haihesabu namba za komenti, kwa hiyo mijadala mingi midogo haikuwahi kupigwa picha. Na Internet Archive hupokea maombi ya kuondoa kurasa, ingawa uamuzi ni wao.

Niseme na jambo jingine ambalo rafiki yangu hakulifikiria, wala mimi sikulifikiria mpaka nilipomwona mtu akilifanya. Kuandika juu hakuondoi ile namba ya utambulisho. Komenti ya maneno ya ovyo bado ina anwani yake, na hata iliyofutwa huacha pengo lenye namba kwenye mjadala ikiwa watu walikuwa wameijibu. Namba hiyohiyo ndiyo iliyoko kwenye faili la zamani. Kwa hiyo anayesoma mjadala, akikuta "mnazi kiti mvua saba" katikati ya watu wanaozungumzia hospitali, anajua mara moja kwamba hapo palikuwa na kitu. Anachukua namba, anaiuliza hifadhi, anapata maandishi. Kulikuwa na tovuti zilizofanya hivyo zenyewe: unabadilisha herufi chache kwenye anwani ya ukurasa, nazo zinakuonyesha mjadala wote huku zilizofutwa zikiwa zimepakwa rangi. Komenti ya kawaida ambayo haikuguswa ingepita bila kutazamwa. Iliyofunikwa ndiyo inayong'aa.

Septemba 2016 jambo hili lilitokea mbele ya macho ya dunia. Watumiaji wa Reddit waligundua maswali ya kiufundi ya mwaka 2014 kuhusu kubadilisha anwani kwenye barua pepe za zamani, na wakayahusisha na fundi aliyeshughulikia seva ya barua pepe ya Hillary Clinton, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani. Habari ilipoanza kuenea, machapisho ya akaunti ile yakaanza kutoweka. Lakini watu walikuwa wameshayahifadhi kwenye huduma za kumbukumbu, na kutoweka kwenyewe kukawa sehemu ya habari. Suala likafika hadi kwenye kamati ya Bunge la Marekani. Machapisho yaliyokaa miaka miwili bila mtu kuyajali yalipata wasomaji wengi zaidi baada ya kufutwa kuliko kabla.

Je, basi kuandika juu ni kazi bure? Hapana, na hapa niwe muungwana. Kunaondoa maandishi mbele ya macho ya mpitaji wa kawaida, na kwa watu wengi hofu yao ni huyo: binamu, jirani, ofisa wa ajira anayeandika jina kwenye kitafutio na kusoma kinachotokea juu. Injini za utafutaji zikirudi kukagua ukurasa zitachukua hali mpya. Na kwa komenti ambayo bado haijachukuliwa na yeyote, ni kweli kunasaidia. Tangu mwaka 2023 mlango wa Pushshift umebanwa: mwezi Mei Reddit iliikatia huduma ile, kisha ikairuhusu kwa wasimamizi wa vikundi tu. Ule utafutaji rahisi aliotumia rafiki yangu, wa kuandika jina na kubonyeza, haupo wazi kwa kila mtu kama zamani. Mwenye nia na diski kubwa bado ana torenti, lakini mwenye nia na diski kubwa ni wachache kuliko wenye udadisi wa dakika mbili. Tofauti hiyo si ndogo, usiidharau.

Ila mwaka huohuo ulionyesha na kasoro nyingine ya programu hizi, hata kwenye asili yenyewe. Mwezi Juni 2023, baada ya Reddit kutangaza bei mpya za API, maelfu ya vikundi vilijifunga kwa kupinga, na watu wengi wakafunika na kufuta komenti zao kwa hasira. Siku chache baadaye wakaona nyingine zimerudi, wakadai wamehujumiwa. Sababu moja ilikuwa ya kawaida kabisa. Komenti zilizokuwa kwenye vikundi vilivyojifunga hazikuonekana kwenye ukurasa wa mtumiaji, kwa hiyo programu haikuzigusa. Vikundi vilipofunguliwa, zikajitokeza. Sababu nyingine ni kwamba ukurasa wako wa mtumiaji huonyesha vitu visivyozidi elfu moja hivi kwa kila mpangilio. Kama umeandika komenti elfu nne, programu inayosoma ukurasa huo inafika ya elfu moja na kukuambia imemaliza. Elfu tatu ziko salama salimini mahali zilipo. Ni wewe tu usiyeziona.

Hapo ndipo nilipogundua kosa ambalo rafiki yangu alikuwa amelifanya kabla hata ya kunipigia. Ili umwombe mwenye nakala aondoe komenti zako, unahitaji kumwambia ni zipi, na umthibitishie kwamba ni zako. Ushahidi bora ni akaunti yenyewe na orodha ya namba za komenti. Yeye alikuwa amefunika na kufuta zote, na alikuwa amebakiza hatua moja tu: kufuta akaunti. Angefanya hivyo, asingekuwa na namna nzuri ya kuonyesha kwamba jina lile lilikuwa lake. Nilimwambia asiguse kitu.

Kwa hiyo mpangilio ni kinyume na ule unaoshauriwa. Kwanza omba nakala ya data zako. Reddit ina fomu ya ombi hilo, na katika unachotumiwa kuna faili `comments.csv` lenye orodha ya komenti zako pamoja na namba zake, bila ule ukomo wa elfu moja. Lihifadhi mahali salama. Pili, tafuta jina lako kwenye hifadhi unazozijua uone nini kimeshachukuliwa, hasa vile vinavyoweza kukutambulisha: mji, hospitali, jina la kozi, mwaka wa kuhitimu. Tatu, andikia wenye hifadhi ukiwa bado na akaunti. Baada ya hapo ndipo ufunike na kufuta, ukifuata orodha ya kwenye faili wala si ukurasa wa mtumiaji. Akaunti iwe ya mwisho.

Sheria inasaidia kidogo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, kifungu cha 17, inampa mtu haki ya kufutiwa, na inamtaka aliyeziweka data hadharani achukue hatua za kadiri kuwajulisha wengine wanaozishughulikia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 nayo ina haki ya kufutiwa kwenye kifungu cha 40. Lakini kanuni hiyohiyo ya Ulaya inaacha nafasi kwa kumbukumbu za manufaa ya umma na utafiti, na hakuna sheria inayoweza kumjulisha mtu aliyepakua torenti bila kuandika jina lake popote.

Rafiki yangu aliandika barua mbili usiku uleule. Baada ya muda, jina lake halikutokea tena kwenye ule utafutaji. Nilipofungua faili la Machi 2017 kwenye kompyuta ya maabara yetu, ambako tulikuwa tumelipakua kwa kazi nyingine kabisa, mstari wake ulikuwa bado upo. Niliufuta kwenye nakala yetu. Kwa kweli hilo ndilo pekee nililokuwa na uwezo nalo. Kisha akabadilisha anwani ya barua pepe kwenye wasifu wake wa kazi, ile yenye jina la zamani, akaweka nyingine. Hatua hiyo ilimchukua dakika tano, na ndiyo iliyokata uzi kati ya komenti zile na mtu aliyeingia kwenye usaili Jumatano iliyofuata.